Mrututu uliokataa kuwa fuwele: dhana potofu na ukweli

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alikaa wiki mbili akilinda chupa ya jamu iliyokuwa dirishani mwa maabara. Ndani yake mlikuwa na mrututu, ule unga wa bluu ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu kwa kazi ya kuzuia ukungu wa majani. Alikuwa amepima gramu 20, akazikoroga katika mililita 100 za maji ya uvuguvugu, kisha akafunga kifuniko barabara ili vumbi lisiingie. Kila asubuhi aliinua chupa kwenye mwanga. Hakuna fuwele hata moja.

Dhana: Maji yakikoza rangi, yameshiba.

Hili ndilo lililompoteza kwanza. "Madam, si unaona bluu ilivyokoza?" Niliona. Lakini gramu 5 tu katika maji yaleyale zinatosha kuyafanya bluu kabisa. Rangi inakuambia kuwa mrututu umo, haikuambii kama maji bado yana nafasi ya kupokea mwingine.

Dhana: Unga ukiyeyuka wote, myeyusho uko tayari.

Ukweli ni kinyume chake, na ningependa kila mwanafunzi aliandike hili ndani ya jalada la daftari. Unga wote ukitoweka, hujui maji yamebakiza nafasi kiasi gani. Myeyusho ulioshiba unautambua kwa mashapo: unakoroga, unasubiri, unakoroga tena kesho yake, na bado kuna unga chini ambao hauendi popote. Katika joto la kawaida la chumba, mililita 100 za maji hubeba kati ya gramu 30 na 40 za fuwele za mrututu. Yeye alikuwa na 20.

Dhana: Ukiweka kwenye friji, fuwele zitatoka tu.

Alijaribu, usiku tatu mfululizo. Ni kweli maji yakipoa uwezo wake wa kubeba mrututu hupungua, na kinachozidi hutoka kama fuwele. Lakini hata kwenye nyuzi 0 maji hayo bado hubeba gramu 23 hivi. Gramu zake 20 zilikuwa chini ya kiwango hicho, kwa hiyo hakukuwa na ziada ya kutoka. Na subira nayo isingemsaidia, maana kifuniko kilizuia maji yasipungue. Angeziba kwa karatasi ya kuchujia, maji yangekauka polepole na myeyusho ungekolea wenyewe, ingawa kwa siku nyingi.

Dhana: Ukitia fuwele mbegu, nyingine zitaikimbilia.

Hapa ndipo alipozinduka. Nilimpa fuwele ndogo, kama punje ya mchele, akaifunga kwenye uzi wa nailoni na kuining'iniza katikati ya chupa. Asubuhi alinijia mbio: "Madam, kuna mtu ameichukua!" Uzi ulikuwa mtupu, na kitanzi chake kidogo kilikuwa bado kimefungwa.

Nikamwambia akitazame vizuri kile kitanzi. Fundo halikulegea wala uzi haukukatika. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema taratibu: "Imeyeyuka. Kumbe maji yalikuwa bado na njaa."

Jaribio hilo ni bora kuliko macho. Mbegu ikiyeyuka, myeyusho haujashiba. Ikibaki vilevile, umeshiba. Ikianza kukua, umepita kiwango, na hapo ndipo fuwele huzaliwa.

Tulirudisha maji yote kwenye bika, tukaongeza gramu 40 ili zifike 60, tukapasha moto hadi nyuzi 70 huku akikoroga kwa fimbo ya kioo. Zote ziliyeyuka. Tuliacha ipoe usiku kucha mezani, bila kuigusa. Asubuhi chini ya bika kulikuwa na tabaka la fuwele ndogo za bluu, zaidi ya gramu 10. Ziada ilikuwa imejitoa yenyewe, na maji yaliyobaki juu yalikuwa yameshiba kwa joto la chumba chetu.

Alimimina maji hayo kwenye chupa safi, akaacha fuwele nyuma, akachagua moja yenye pande zilizonyooka na kuifunga kwenye uzi mpya. Mara hii aliziba kwa karatasi ya kuchujia. Glavu hakuvua, kwa sababu mrututu ni sumu. Haukai kwenye sufuria za jikoni, wala haumwagwi mtaroni, maana huua samaki.

Siku ya pili fuwele ilikuwa pale pale, na kingo zake zimekuwa kali zaidi. Siku ya nane ilikuwa kubwa kuliko punje ya hindi, imelala mshazari kama tofali lililosukumwa upande, na aliipima kwa rula mara tatu kabla ya kuandika urefu wake.