Mazuku kwa maneno 33: dhana potofu kuhusu fasili nyepesi

Huku Goma hakuna mtu mzima asiyelijua neno mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua watu na mifugo. Mwambie aandike maana yake kwa mistari mitatu, kwa maneno ambayo mtu aliyeanza kusoma mwaka huu anayaelewa, na utaona kalamu inasimama.

Kazi hiyo ndiyo tuliyojipa, watu wachache tunaofundisha watu wazima kusoma. Tulichagua maneno sitini ya mazingira yetu: mazuku, volkano, chukudu, sambaza wale samaki wadogo wa ziwani, sombe, kipindupindu na mengine ya namna hiyo. Sharti lilikuwa moja: maana ya kila neno iandikwe kwa maneno yaliyomo katika orodha yetu ndogo tu, maneno kama 400 ambayo wasomaji wetu wote wanayajua. Hayo tuliyaita maneno ya kueleza. Nilidhani tutamaliza kwa wiki mbili. Haikuwa hivyo, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na mambo tuliyoyaamini bila kuyapima.

"Maneno ya kueleza yakiwa machache zaidi, fasili inakuwa nyepesi zaidi"

Hii ndiyo dhana tuliyoanza nayo. Kila mmoja alijivunia kufuta maneno kwenye orodha. Siku tuliyofuta gurudumu, chukudu ikageuka hivi: "Kitu cha mbao cha kubebea mizigo, chenye vipande viwili vya mbao vya duara vinavyozunguka chini yake, kimoja mbele na kimoja nyuma." Hakuna neno gumu hata moja hapo. Lakini wasomaji waliisoma mara mbili, tatu, na mmoja akasema hilo ni toroli.

Orodha ikiwa finyu mno, ugumu hauondoki. Unatoka kwenye neno na kuhamia kwenye sentensi. Msomaji hapambani tena na msamiati, anapambana na mkia mrefu wa "chenye", "vinavyo" na "kimoja", na kwa anayejifunza kusoma huo ni mzigo mzito kuliko neno moja asilolijua.

Waliotutangulia katika kazi hii waliligundua mapema. Mwaka 1930 Mwingereza Ogden alitoa orodha ya maneno 850 ya Kiingereza, akitaka yatoshe kusemea karibu kila kitu. Mwaka 1935 Michael West, aliyekuwa amefundisha huko Bengali kwa miaka mingi, alitoa pamoja na James Endicott kamusi iliyoeleza maneno na misemo 24,000 kwa maneno 1,490 tu. Kamusi ya Longman ya wanafunzi ya mwaka 1978 ilipanda hadi maneno kama 2,000. Namba ilikuwa inapanda, haishuki, na sidhani ni kwa sababu watu walikuwa wavivu.

Longman walikuwa na njia moja ambayo tuliichukua bila aibu. Neno lililo nje ya orodha likihitajika kabisa, linaandikwa kwa herufi za namna tofauti, ili msomaji ajue kwamba akilitafuta katika kamusi hiyohiyo atalikuta limeelezwa. Basi chukudu ikawa:

*Chukudu: chombo cha mbao chenye MAGURUDUMU mawili, moja mbele na moja nyuma, cha kubebea mizigo. Hakina injini. Anayekiendesha huweka goti moja juu yake na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine.*

Na gurudumu likapata mahali pake: "kitu cha duara kinachozunguka chini ya gari. Baiskeli ina mawili." Tulijiwekea kikomo cha neno moja la namna hiyo katika kila fasili. Yakiwa mawili, msomaji anaanza kurukaruka kurasa na kusahau alichokuwa anatafuta.

"Neno jingine lenye maana ileile linatosha"

Hapa ndipo mazuku ilipotutesa, na hapa ndipo nitakaa.

Mtu wa kwanza aliandika: "Mazuku: upepo mbaya." Maneno mawili, yote yamo kwenye orodha, na kweli ndivyo watu wanavyosema mtaani. Tulipiga makofi. Kisha tukafanya jaribio ambalo sasa hatuliachi: tunafunika neno lenyewe, tunampa msomaji fasili peke yake, tunamuuliza ni neno gani. Kwa "upepo mbaya" mmoja alijibu dhoruba ya ziwani. Mwingine alijibu uchawi.

Kosa lilikuwa kwenye neno la kwanza. Katika fasili, neno la kwanza ndilo linalomwambia msomaji kitu hiki ni cha jamii gani: mnyama, chombo, ugonjwa, hewa. Likikosewa, yote yanayofuata yanajengwa juu ya msingi uliopinda. Upepo ni hewa inayokwenda. Mazuku hukaa mahali ambapo hewa imetulia, na upepo ukivuma huitawanya. Kwa hiyo anayeamini ni upepo ataiogopa siku ya upepo na kulala shimoni siku ya utulivu. Yaani fasili ya maneno mawili ilikuwa inamwelekeza mtu kwenye hatari.

Tulijaribu "moshi", ikaanguka palepale, maana moshi unaonekana. "Sumu" ilikuwa karibu, lakini wasomaji wetu wanalijua neno hilo kwa kitu cha kunywa au cha kuwekea panya. Tukabaki na "hewa", kisha tukaongeza kinachoitenga na hewa nyingine: inatoka wapi, inaonekana au haionekani, inakaa wapi, inafanya nini.

Visawe vina ubaya mwingine ambao hauonekani ukisoma fasili moja moja. Ukiandika ghadhabu ni hasira, na mwenzako akaandika hasira ni ghadhabu, msomaji anazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Njia ya kuukamata mzunguko huo ni ya kalamu na karatasi: chora mshale kutoka kila neno kwenda kwenye maneno yanayolieleza. Mshale ukirudi ulipoanzia, kuna moja la kuandika upya. Maneno ya chini kabisa, kama kitu, mtu, fanya na taka, hayana mengine mepesi zaidi ya kuyaeleza. Hayo tuliyaacha bila fasili, tukayaonyesha kwa sentensi za mfano tu.

"Neno likishaingia kwenye orodha, litumie utakavyo"

Fasili ya tatu ya mazuku ilimalizika hivi: "Mtu au mnyama akiivuta anaweza kufa." Vuta lilikuwamo kwenye orodha. Tukaipeleka darasani, na mama mmoja wa makamo akaisoma vizuri kabisa, kwa sauti, kisha akaweka karatasi chini na kusema: "Basi mwalimu, miye sivuti tumbaku, haiwezi kunipata."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amesoma kilichoandikwa.

Vuta tuliliingiza kwa maana ya kuvuta kamba, na tukalitumia kwa maana nyingine bila kujua kwamba tumelibadilisha. Kiswahili kimejaa maneno ya namna hii. Piga ndilo baya kuliko yote: kupiga mtoto, kupiga simu, kupiga pasi, kupiga picha, kupiga magoti. Ukilihesabu kama neno moja unajidanganya, kwa sababu umeingiza maneno kumi kwa tiketi ya moja. Sasa kila neno katika orodha yetu limeandikiwa pembeni maana tunayoiruhusu. Vuta limebaki la kamba. Tuliongeza pumua.

Viambishi navyo vina mitego yake. Pika, pikwa na pikia tunavihesabu neno moja, maana anayejua pika atayafahamu mengine. Lakini tumia halifuati tuma, na anayejua pata hawezi kubahatisha patana. Kanuni yetu ni kwamba umbo linalobeba maana mpya ni neno jipya, hata kama mzizi ni uleule. Kwa kanuni hiyo orodha ya 400 ilivimba hadi 430 hivi, na sikujuta.

"Neno jepesi ni lile linalotokea mara nyingi"

Ukihesabu maneno ya magazeti na taarifa za redio utapata serikali, rais, mkutano, usalama. Wasomaji wetu wanayajua, lakini jaribu kuelezea sambaza kwa maneno hayo. Yanayofanya kazi kwenye fasili ni aina, sehemu, chombo, umbo, kuliko, kama. Na twanga, ambalo hulioni gazetini mwezi mzima, linajulikana kwa kila aliyewahi kusikia kinu cha jirani asubuhi. Bila hilo, sombe haielezeki: "majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa." Liliingia.

"Fasili nyepesi lazima ipotoshe kidogo"

Rafiki mmoja aliyesoma sana alituandikia mazuku kwa lugha ya kitaalamu: mkusanyiko wa kabonidayoksaidi, usio na rangi wala harufu, unaoua kwa kuondoa oksijeni. Alisema yetu ni ya kitoto. Tuliilinganisha na yake, na sehemu dhaifu ikaonekana kwenye yake. Gesi hiyo ikiwa nyingi haihitaji kusubiri oksijeni iishe, yenyewe inamlevya mtu na kumwangusha kwa dakika chache. Sisi hatukuwa na neno oksijeni, kwa hiyo hatukupata nafasi ya kukosea hapo. Hii ndiyo ya mwisho:

*Mazuku: hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi karibu na VOLKANO. Haionekani na hainuki. Ni nzito kuliko hewa nyingine, kwa hiyo inakaa ndani ya mashimo na mahali pa chini. Mtu au mnyama akiipumua anaweza kufa.*

Maneno 33, moja tu la nje. Tulipoifunika na kuuliza, watu tisa kati ya kumi walijibu mazuku kabla ya kumaliza sentensi ya tatu.

Kuna yaliyobaki nje. Haisemi kwamba hewa hii hujikusanya zaidi usiku na alfajiri, wala kwamba watoto na mbuzi huanguka kwanza kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi. Hayo ni habari za mazuku, na mtu anaweza asizijue bado akalitambua neno. Tuliyaweka kwenye sentensi ya mfano chini ya fasili: "Asubuhi tulikuta mbuzi wawili wamekufa shimoni, baba akasema ni mazuku, tusishuke." Na yule wa kumi, aliyekosea, alijibu kwamba ni gesi ya jikoni. Hilo bado hatujalipatia dawa.