Aliye darini na aliye ukutani: maswali kuhusu panya wa nyumbani

Daktari, naishi Umoja hapa Nairobi, nyumba ya kupanga. Usiku kuna kitu kinakimbia juu ya dari, na jikoni kuna kingine kinakwaruza ukutani. Nitajuaje kama ni panya yuleyule au ni wawili tofauti?

Mimi ni afisa wa afya ya umma, si daktari, ila mtaani kila aliyevaa koti jeupe ni daktari na nimeshazoea. Mama, masikio yasikutangulie. Sauti hufuata mbao na mabomba, ukaisikia jikoni kumbe mwenyewe yuko juu ya chumba cha kulala. Mavi hayadanganyi hivyo, kwa maana hubaki palepale mnyama alipopita.

Chukua tochi na rula. Mulika juu ya kabati la nguo, chini ya kile kijimlango cha kupandia darini, kisha nyuma ya jiko la gesi. Anayeishi darini kwa kawaida ni panya mweusi wa paa, mwembamba, mkia mrefu kuliko mwili, hodari wa kupanda mabomba na nyaya. Kinyesi chake kina urefu wa kama sentimita 1 au zaidi kidogo, kimechongoka ncha zote mbili, na mara nyingi kimepinda. Cha kipanya, yule wa aina ndogo ya nyumbani, ni milimita 3 hadi 6 tu, chembamba kama mchele uliokatika. Ukikuta kikubwa kinachokaribia sentimita 2 na ncha zake ni butu, huyo ni panya wa mitaroni, ambaye huchimba ardhini na si mpenda dari.

Kuna viwili vinavyowapotosha watu. Kinyesi cha popo ukikibonyeza kwa kijiti kikiwa kikavu husagika kuwa unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu, cha panya hukauka kikawa kigumu. Cha mjusi kina doa jeupe kwenye ncha moja.

Nimeangalia. Juu ya kabati ni vikubwa, nyuma ya jiko na kwenye droo ya vijiko ni vidogo. Si hivyo vidogo ni vya watoto wa panya?

Swali zuri, na jibu liko kwenye mchanganyiko. Panya mwenye watoto huacha ukubwa wa kila aina mahali pamoja: vikubwa, vya kati na vidogo. Kwako vidogo vimekaa peke yao, vyote sawa, na hakuna kikubwa hata kimoja kwenye droo. Hicho ni kipanya. Una wageni wawili.

Huenda ukashangaa wanavyoishi nyumba moja, kwa sababu panya humuua kipanya akimfikia. Siri ni kwamba hamfikii. Kipanya hupenya ufa wa milimita 6 au 7, panya mzima anahitaji nafasi kubwa karibu mara mbili ya hiyo. Mmoja ameshika juu, mwingine amejificha pembamba.

Lakini ukuta wangu ni wa mawe. Anakaaje ndani ya jiwe?

Hakai ndani ya jiwe. Kuta za mawe za Nairobi hazina uwazi katikati, kwa hivyo mtu akisema panya yuko ukutani mimi hutafuta mahali ambapo ukuta umefunikwa: nyuma ya makabati ya jikoni, kwenye nafasi ya mabomba yanayopanda ghorofani, au nyuma ya jipsamu. Kwenye nyumba za mabati ni kati ya bati na katoni au plaiwudi iliyobandikwa ndani.

Hapo ndipo sauti inapoanza kusaidia, ukishajua pa kuisikilizia. Kipanya hukwaruza kwa wepesi, kwa vipindi vifupi, karibu mahali pamoja, kwa sababu mara nyingi hatembei zaidi ya mita chache kutoka kiotani. Panya wa darini ana uzito. Utasikia hatua zikikimbia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kitu kikiburutwa, au mtafuno mzito juu ya boriti. Wote wawili huchangamka taa zikizimwa.

Ukitaka uhakika, nyunyiza unga mwembamba sakafuni kando ya ukuta kabla ya kulala, na uufute asubuhi. Unyayo wa nyuma wa panya wa paa ni sentimita 3 au zaidi. Wa kipanya haufiki 2.

Kifuniko cha ndoo ya unga kimetafunwa, na kuna waya darini umechunwa. Meno yanasema nini?

Tazama upana wa michirizi. Meno mawili ya mbele ya panya huacha mifereji iliyo wazi, jozi yake ikiwa na upana wa karibu milimita 4. Ya kipanya ni milimita 1 au 2, utadhani mtu amekwaruza kwa sindano. Mtafuno mpya huwa na rangi angavu, wa zamani umekolea na kushika vumbi. Kwa hiyo kifuniko chenye mikwaruzo myembamba mipya ni kazi ya yule wa jikoni, na ndiye aliye hai sasa hivi.

Huo waya usiuguse. Zima swichi kuu umwite fundi wa stima, kwa sababu nyaya zilizochunwa zikigusana juu ya mbao kavu huwasha moto.

Basi nitege mtego mmoja wa aina moja?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Panya huogopa kitu kipya. Mtego ukiuweka darini leo ataupita pembeni kwa siku kadhaa, na akikoswa mara moja hataurudia. Uache bila kuutega, ukiwa na chambo cha omena au njugu, mpaka uone chambo kinaliwa, ndipo uutege. Kipanya ni mdadisi, atausogelea usiku wa kwanza. Kwake tumia mitego midogo kadhaa, ikiwa imebana ukuta, mita 2 au 3 kati yake.

Sumu darini siipendi. Zile za kuzuia damu kuganda humuua baada ya siku kadhaa, akifia ndani ya dari utaishi na harufu, na viroboto wake watatafuta mwenyeji mwingine. Pakiti zisizo na lebo zinazouzwa barabarani ni hatari kabisa kwa mtoto.

Nilishafagia vile vinyesi. Nimejidhuru?

Si lazima, ila ufagio hurusha vumbi lake hewani. Safari ijayo fungua madirisha nusu saa, vaa glavu, lowesha kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, subiri dakika 5, kisha pangusa kwa karatasi. Vijiko vya droo ile vioshe kwa maji moto na sabuni, maana kipanya huacha vijidudu vya kuharisha kama salmonela popote anapopita.

Kwa yule wa darini jihadhari na mkojo, unaoweza kubeba bakteria wa leptospira. Huingia kupitia jeraha, macho au maji ya kunywa, kwa hiyo hakikisha tangi la juu lina kifuniko kisicho na ufa. Ugonjwa huanza kati ya siku 2 na 30 baadaye: homa ya ghafla, maumivu makali ya misuli hasa ya mashavu ya miguu, macho mekundu. Hufanana sana na malaria. Ukipimwa malaria na isipatikane, mwambie mhudumu wa kliniki kwamba nyumbani kuna panya, ili naye afikirie leptospira.