Ukijitoa kwenye mchezo kabla ya zamu yako, unadai shilingi ngapi?

Dada mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alifika ofisini kwetu na daftari limelowa upande mmoja. Alikuwa anacheza mchezo wa watu kumi. Kila mwezi kila mtu anatoa shilingi 100,000, na mwenye zamu anapokea 1,000,000. Zamu yake ilikuwa ya nane. Alitoa miezi minne, mtaji ukakata, akamwambia kijumbe kwamba anajitoa. Jibu alilopewa wengi mnalijua: "Mchezo haurudishwi. Ukitoka umetoka." Yeye naye kwa hasira akawa anadai milioni yake nzima.

Milioni hadai. Alichotoa ni 400,000, na nyingine ni michango ambayo hakuitoa na hatakuja kuitoa. Lakini hilo la kusema mchezo haurudishwi nalo si haki, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mchezo hauna sanduku. Kwenye vikoba kuna hisa na kuna mfuko unaokopesha, kwa hiyo anayejitoa anaweza kuulizia fungu lake. Kwenye mchezo fedha inaingia asubuhi, jioni imeshaondoka na mtu. Ndiyo maana kijumbe anaapa kwamba hana hata senti, na kwa kawaida anasema kweli. Swali la kumuuliza ni jingine: laki nne za huyu dada ziko kwa nani?

Ziko kwa wanne waliokwisha kupokea. Kila mmoja wao alipochukua milioni, laki moja ndani yake ilikuwa ya huyu dada. Sasa tuseme kikundi kinamfuta na kuendelea na watu tisa. Zamu yake inarukwa, mchezo unaisha mwezi wa tisa. Kufikia hapo kila mmoja ametoa 900,000. Wale watano waliokuwa hawajapokea wanapokea 900,000 kila mmoja, yaani walichotoa ndicho walichopata. Wanne wa mwanzo walipokea 1,000,000 na wametoa 900,000. Kila mmoja amebaki na laki moja ya ziada, na laki nne hizo ndizo hasa za aliyejitoa.

Kwa hiyo anaponyimwa, hakiokolewi kikundi. Wanaofaidika ni wanne waliokula mapema, nao ndio waliotangulia kupata mtaji kuliko wenzao. Nilipowachorea hesabu hii wanakikundi kwenye ubao, wa kwanza kunyamaza alikuwa aliyepokea mwezi wa kwanza.

Suluhisho linatokana na hesabu ileile. Wale wanne wanatoa mara moja zaidi, laki moja moja, na fedha hiyo inakwenda kwake. Hakuna aliyepoteza hata shilingi: wanne wametoa milioni kwa milioni waliyopokea, watano wako sawa, naye amepata chake. Idadi ya watu au kiasi cha mchango vikibadilika, mantiki haibadiliki. Ukijitoa kabla ya kupokea, kila aliyekwisha kupokea anashika mchango wako mmoja.

Linalobaki ni lini alipwe. Hapa nasimama na kikundi. Wanne hao wana michango yao ya kila mwezi, na waliahidi kurudisha kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Aliyejitoa asitegemee kulipwa wiki hiyohiyo. Ninavyoona mimi, tarehe ya haki ni zamu yake ya awali, yaani mwezi wa nane, kwa sababu ndipo alipokuwa ameridhia kusubiri tangu siku ya kwanza. Riba hadai pia. Mchezo hauna riba, na hata angebaki asingepata.

Kama ana haraka, atafute mtu wa kuingia nafasi yake. Mgeni anampa 400,000 mkononi, anaendelea kutoa laki kuanzia mwezi wa tano, na zamu ya nane inakuwa yake. Njia hii haigusi hesabu ya mtu mwingine yeyote. Ila kikundi lazima kimkubali mgeni, maana akishapokea mwezi wa nane atakuwa bado anadaiwa miezi miwili.

Kipi kinaweza kukatwa kwa haki? Faini alizokuwa hajalipa, kama zilikubaliwa mapema. Ujira wa kijumbe kwa miezi minne aliyokwisha kuifanyia kazi. Mchango wa msiba, kwa vikundi vyenye mfuko huo, haurudishwi, kwa sababu miezi yote ile yeye naye alikuwa amekingwa. Na kuna hasara. Tuseme mmoja wa waliopokea alishatoroka kabla dada hajajitoa: alichukua milioni, alikuwa ametoa 400,000 tu, ameacha pengo la 600,000. Hasara hiyo ilitokea dada akiwa ndani, kwa hiyo naye anabeba fungu lake. Ikigawanywa kwa tisa waliobaki, yeye akiwemo, kila mmoja anabeba kama 67,000, naye anarudishiwa kama 333,000. Akitoroka mtu baada ya dada kuondoka, hilo si lake.

Kama angekuwa tayari amepokea, neno kujitoa lisingekuwepo. Aliyepokea mwezi wa pili na kutoa miezi minne anadaiwa 600,000, hata akihamia Ukerewe. Ni deni kama la dukani.

Vipi kama mlisaini karatasi inayosema anayejitoa anapoteza vyote? Vikundi vya kijamii vya fedha vimewekwa daraja la nne katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kikundi kilichosajiliwa kinakuwa na katiba, kwa hiyo anzieni hapo. Lakini Sheria ya Mikataba inakiona kiasi cha adhabu kilichoandikwa kuwa kikomo tu. Anayelalamika kuvunjiwa mkataba hulipwa fidia inayostahili, isiyozidi kikomo hicho. Kikundi ambacho hakikupoteza kitu kitapata shida kueleza laki nne ni fidia ya nini.

Ushahidi wa dada ulikuwa zaidi ya daftari. Michango mitatu aliituma kwa simu, na meseji za muamala zilikuwepo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo. Wa nne aliutoa mkononi, bila saini, na ndio pekee uliobishaniwa. Bahati yake, kijumbe alikuwa ameandika kwenye kundi la wasapu, "wote tayari." Dai la mkataba linaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, ila meseji hazidumu hivyo. Zinakili mapema.

Niliwauliza pia kwa nini mtaji ulikata mwezi ule. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inalala na Mwaloni panapoa. Mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu hivi, lakini mchango wao ulikuwa kila tarehe 30 ya kalenda. Miezi ya mwanzo tarehe hiyo iliangukia giza, kisha ikawa inasogea kuelekea mbalamwezi, siku ambazo mkononi hamna kitu. Kikundi kilikubali wanne wamlipe dada mwezi wa nane, na kabla hatujaachana wakafuta tarehe 30. Sasa wanachanga siku ya tano ya giza.