Ovari zikitolewa zote mbili, joto haliji taratibu

"Nina miaka 38, nimetolewa ovari zote mbili pamoja na mfuko wa uzazi. Si ni ukomo wa hedhi tu, nivumilie?"

Hapana. Ovari zikizeeka zenyewe hupunguza homoni kwa miaka kadhaa, mwili ukazoea. Kwako estrojeni, homoni kuu ya ovari, imeshuka ndani ya siku chache, ndiyo maana kanga inalowa jasho usiku hata kabla mshono haujapona. Na kuvumilia kuna gharama: mifupa na moyo hukosa kinga mapema mno. Kwa umri wako, madaktari wengi huanzisha estrojeni, ya kubandika au vidonge, hadi karibu miaka 51. Mfuko wa uzazi ungekuwepo, wangeongeza homoni ya projesteroni kuukinga na saratani. Umewahi kuugua saratani ya matiti? Mwambie daktari kwanza. Zipo dawa za kutuliza joto hilo zisizo na homoni.