Kwa nini aya ya presha haigeuki kuwa hatua kwa kukatwa sentensi tu?

"Nina aya ya mwongozo wa presha, nataka manesi waifuate kama hatua. Si nakata tu kila sentensi naipa namba?"

Hapana. Aya imepangwa kwa mtiririko wa maelezo ila nesi anafanya kazi kwa mtiririko wa dakika, na hivyo viwili mara nyingi havilingani. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikata sentensi hivyohivyo, nikatoa karatasi safi kabisa yenye namba, na karatasi ile ilikuwa inapeleka watu rufaa bila sababu huku ikiwaacha waliostahili kwenda.

Tuchukue aya ya namna hii, miongozo mingi inayo inayofanana nayo: "Mgonjwa mwenye presha ya 180/110 au zaidi achunguzwe dalili za madhara kwenye viungo, na zikiwepo apewe rufaa ya haraka. Asiye na dalili aanzishiwe au aongezewe dawa na afuatiliwe kwa karibu, baada ya kipimo kurudiwa akiwa ametulia."

Ona kipimo cha kurudia kimekaa wapi. Kiko mwishoni kabisa, wakati kazini ndicho kinakuja mwanzo, maana mtu aliyepanda ngazi haraka, kibofu kimejaa, anaongea, mkono unaning'inia na mkanda wa mashine ni mdogo kuliko mkono wake, atasoma juu bila presha yake halisi kuwa hivyo. Ukikata sentensi kama zilivyo, kurudia kupima kunakuwa hatua ya mwisho, na hapo mgonjwa ameshaandikiwa rufaa.

Halafu kuna ule mkwaju kwenye 180/110. Anayesoma haraka anadhani lazima namba zote mbili zifike, kwa hiyo mwenye 172/112 anamrudisha nyumbani na tarehe ya kawaida. Inatakiwa iandikwe wazi: namba ya juu kuanzia 180, AU namba ya chini kuanzia 110. Na iwe "kuanzia", isiwe "zaidi ya", maana ukiandika "zaidi ya 180" yule mwenye 180 kamili hana mahali pa kukaa. "Kwa karibu" nayo si kitendo, nesi anahitaji siku. Ni wiki moja au siku tatu hiyo ni ya mwongozo wenu kusema (hata kikomo chenyewe, mingine inaweka 120 kwa namba ya chini badala ya 110), ila lazima iwe namba.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa hayo. Niliamini 180 yenyewe ndiyo dharura, kwa hiyo hatua yangu ilikuwa inakimbilia kushusha presha. Kinachofanya iwe dharura ni kiungo kinachoumia sasa hivi, ubongo, moyo, figo au macho, na namba peke yake haikwambii hilo.

Hapa inabidi tuingie kwenye ubongo kidogo. Fikiria shamba linalomwagiliwa kwa mabomba kutoka kwenye tenki lililo juu, kila mstari wa mimea una koki yake. Maji yakija kwa nguvu unakaza koki, nguvu ikipungua unalegeza, mimea inapata maji yaleyale siku zote. Mishipa midogo ya ubongo inafanya kazi hiyo yenyewe, inajibana presha ikipanda na kutanuka ikishuka, ili damu inayofika isibadilike sana. Sasa mtu akikaa na presha kubwa miaka mingi, koki zake zinazoea kukazwa, kuta za mishipa zinanenepa, na uwezo wa kulegea unapungua. Presha ambayo kwangu na kwako ni ya kawaida, kwake inaweza kuwa ndogo mno. Ukiishusha ghafla ni kama umefungua tenki likamwagika huku koki bado zimekazwa, mstari wa mwisho wa shamba unakauka. Kwenye ubongo mstari wa mwisho kukauka ndiyo kiharusi.

Ndiyo maana ule mtindo wa kutoboa kapsuli ya nifedipini na kudondoshea chini ya ulimi uliachwa, mwaka 1996 madaktari waliandika kwenye jarida la JAMA wakihoji kama usisimamishwe kabisa, kwa kuwa ulishahusishwa na kiharusi, shambulio la moyo na vifo. Hata kwenye dharura yenyewe, hospitalini na dawa za mshipani, kwa wengi presha haishushwi zaidi ya robo ndani ya saa ya kwanza. Zipo hali chache zenye kasi yake tofauti, na hizo si za kuamuliwa kwenye chumba cha kupimia.

Sasa aya ileile ikiandikwa upya:

Hatua ya 1. Kabla ya mashine, uliza na angalia: kifua kinauma, pumzi inabana, amechanganyikiwa, degedege, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, macho yamepoteza kuona ghafla, kichwa kinauma vikali kuliko kawaida yake. Ikiwepo hata moja, pima na mpe rufaa sasa, namba yoyote ile. Akiwa mjamzito toka hapa, fuata karatasi ya wajawazito.

Hatua ya 2. Hana dalili: akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kimya. Pima mara 2, dakika 1 katikati, chukua wastani.

Hatua ya 3. Juu kuanzia 180 AU chini kuanzia 110: arudishiwe, aongezewe au aanzishiwe dawa za kumeza leo. Usiweke dawa chini ya ulimi. Tarehe ya kurudi ndani ya siku 7.

Mjamzito anatolewa mapema kwa sababu kwake 160/110 tu ni dharura, dawa inatakiwa ianze ndani ya dakika 30 hadi 60, na ukimwacha asubiri 180 umechelewa.

Mpitishe mtu humo uone. Mwanaume wa miaka 56 amekuja kuchukua dawa, alipoingia tu mashine ikasoma 192/114. Kwa karatasi yangu ya zamani huyu yuko kwenye gari la wagonjwa. Anaulizwa dalili, hana, kichwa kizito kidogo kama siku zote. Anakaa dakika 5, vinatoka 188/106 na 184/104, wastani 186/105. Namba ya chini imetoka kwenye kikomo, ya juu bado imo, na "AU" inambakiza hatua ya 3. Akiulizwa dawa anasema ziliisha wiki mbili zilizopita. Anapewa zilezile, anameza ya leo palepale, anarudi ndani ya siku 7.

Kabla ya kubandika ukutani mpe nesi ambaye hakushiriki kuiandika namba chache, mwache aseme angefanya nini bila wewe kumwelezea: 172/112, halafu 180/90, halafu 150/96 na kifua kinauma. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nihamishe swali la dalili likae mwanzo. Kwenye aya dalili zinatafutwa kwa mwenye 180 tu, na nesi aliyeifuata neno kwa neno alimpangia mgonjwa huyo tarehe ya mwezi ujao.