Simu inapokurudishia picha ya marehemu alfajiri

Mama mmoja wa Kisauni alinipigia simu akiwa wiki ya tatu ndani ya eda. Mimi ni fundi wa simu, duka langu liko Mwembe Tayari, Mombasa, na kwa kuwa ni mwanamke mwenziwe niliweza kumfuata nyumbani. Nilimkuta kwenye busati, simu imelazwa kifudifudi kando yake. "Mwanangu," akaniambia, "kila nikimaliza kuswali Alfajiri nikitazama saa, namwona baba watoto anacheka."

Niliigeuza ile simu. Juu ya kioo palikuwa na arifa ya Google Photos, "3 years ago", na ndani yake mumewe amesimama kando ya bahari pale Mama Ngina, dafu mkononi, mtoto mdogo mabegani. Ni picha nzuri mno. Taabu ni kwamba hakuna aliyeiita.

Programu hizi hutazama tarehe ya kila picha, huzipanga nyuso zinazofanana katika mafungu, kisha huchagua za kukuletea. Anayejirudia sana kwenye picha zako huonekana kuwa unampenda, na ni kweli unampenda, lakini programu haijui kwamba ameshazikwa. Mwaka 2014 Facebook ilimletea Eric Meyer, mjenzi wa tovuti wa Marekani, picha ya binti yake aliyefariki mwaka huo huo, imezungukwa na michoro ya watu wanaocheza. Mtu hapaswi kusubiri programu ijue. Lazima aiambie.

Ndugu za yule mama walikuwa wamemshauri afute picha zote. Nilimwomba asiguse hata moja. Picha iliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google Photos ukiifuta hukaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu hupotea. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Anayefuta wiki ya kwanza, akitoka ndani na moyo umetulia kidogo, pipa limeshamwagwa zaidi ya miezi miwili nyuma. Nimewahi kuletewa simu za namna hiyo, na jibu langu lilikuwa pole tu.

Kuzima kumbukumbu zote pia hakutaka. Picha za watoto wake alipenda zimjie. Kwa hiyo tulianza na uso. Ukifungua Google Photos, gusa picha yako ya akaunti juu pembeni, ingia "Photos settings", kisha "Preferences", kisha "Memories". Humo utaona "Hide people & pets". Inafungua nyuso zote ambazo simu imezitambua, unagusa ya yule usiyetaka kuletewa. Kama huoni uso wowote, utambuzi wa nyuso umezimwa kwenye akaunti yako, na bila huo njia hii haifanyi kazi.

Usitoke ukishagusa uso mmoja. Shuka mpaka mwisho wa orodha. Mume wa yule mama alikuwa mle mara mbili: fungu moja la kofia na ndevu, jingine la ujana wake, kutoka picha za zamani ambazo binti yao alizipiga upya kwa simu. Kwa macho ya programu hao walikuwa watu wawili. Tukawaficha wote wawili. Picha zenyewe hazikuondoka, zimebaki mahali pake na akizitafuta anazipata. Kilichokoma ni kuletewa.

Nilidhani nimemaliza kazi, na hapo nilikosea. Wiki iliyofuata akapiga tena, safari hii sauti imekauka. Simu ilikuwa imemkusanyia picha za karibuni: mkono wenye dripu juu ya shuka ya kijani, mlango wa wodi, viatu vya mumewe chini ya kitanda, na mwisho jeneza mabegani mwa watu, limepigwa kwa nyuma. Hakuna uso hata mmoja, basi kizuizi cha uso hakikuwa na cha kukamata. Siku za ugonjwa ndivyo tunavyopiga picha, tunapiga dawa, risiti, karatasi za daktari, na hizo ndizo huumiza kuliko picha ya mtu akicheka.

Dawa yake ni "Hide dates", iko palepale kwenye "Memories". Unaweka tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na picha zilizopigwa kati ya hizo hazitaingizwa kwenye kumbukumbu. Tulikaa naye kuhesabu. Mwanzo alitaka siku ya kifo peke yake. Nikamuuliza alilazwa lini. Akasema tarehe 3 Machi, akafariki tarehe 9. Na kabla ya kulazwa? Akafikiri, akakumbuka vipimo vya mwisho wa Februari. Tukaanzia tarehe 24 Februari, tukaishia siku iliyofuata arubaini. Ukipimia siku ya msiba tu, mwakani utakuwa umekingwa siku moja katikati ya wiki nane chungu.

Lakini tarehe za simu nazo zina hila yake, na hapa ndipo wengi hushangaa kwamba wameficha kila kitu na bado picha zinakuja. Picha inayopita WhatsApp hupoteza tarehe ya kupigwa, na simu yako huiandikia siku uliyoipokea. Shemeji akituma leo picha ya harusi ya mwaka 1998, kwa simu yako hiyo ni picha ya leo. Siku za matanga jamaa hutuma picha za zamani kwa wingi, nazo huangukia ndani ya tarehe ulizoficha, hapo hakuna neno. Za mwakani, wakati wa kisomo cha kumrehemu, zitapata tarehe mpya ambayo hukuificha. Yenye uso wake itazuiwa. Ya kaburi itapita.

Kwa hiyo tuliingia kwenye kundi la familia la WhatsApp, tukagusa jina la kundi, tukafungua "Media visibility" na kuchagua "No". Tangu hapo picha za kundi zinabaki ndani ya mazungumzo, haziingii kwenye galari ya simu. Mpangilio huu haurudi nyuma, za zamani zilizokwisha kuingia zimo. Ndiyo maana nasema ufanyike mapema, na afadhali ufanywe na binti au dada wa mfiwa, maana kuzipitia zile picha ili kuziondoa ndiko kule kule kuumia.

Facebook ina mpangilio wake mbali. Kwenye ukurasa wa "Memories", gusa alama ya gurudumu, utakuta kuficha watu na kuficha tarehe kama kule, na upande wa arifa unaweza kuchagua "None". Na kama kuna wijeti ya kumbukumbu kwenye kioo cha mwanzo, ibonyeze usiachie, uiburute nje. Kila akaunti hupangwa peke yake, kwa hiyo simu ya mtoto mkubwa tuliirudia yote upya.

Eda ilipokwisha alikuja dukani na binti yake. Alitaka picha moja ioshwe kwa karatasi, aweke ukumbini. Hakuwa na haja ya msaada wangu kuitafuta. Alifungua Google Photos mwenyewe, akaenda moja kwa moja mpaka ile ya Mama Ngina, akanipa simu.

"Hii," akasema. "Lakini dafu lionekane."