Je, wajua mahakama humpimaje "mtu anayefaa" pale sheria isipomfafanua?

"Sheria inasema leseni apewe mtu anayefaa na kustahili, halafu haisemi ni mtu wa namna gani. Sasa ofisa akininyima, jaji atajuaje kama amekosea?"

Jaji hutenganisha maswali mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. La kwanza ni hili: maneno hayo yanamaanisha nini ndani ya sheria hii? Hilo ni swali la kisheria, na jibu lake hutolewa na mahakama. La pili: je, mwombaji huyu anafikia kipimo hicho? Hilo Bunge limemwachia ofisa. Mahakama huligusa pale tu jibu lake linapokuwa la ajabu kiasi kwamba hakuna ofisa mwenye akili timamu angeweza kulifikia. Kwa hiyo anayekwenda mahakamani kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mwema anajibu swali ambalo jaji hakuulizwa. Kinachopimwa ni jinsi ofisa alivyofikiri.

Kesi inayonukuliwa sana ni ya Australia, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1990. Ilimhusu Alan Bond, tajiri aliyekuwa na vituo vya redio na televisheni. Chombo kilichosimamia leseni za utangazaji kilikuwa kimebaini, pamoja na mengine, kwamba alimlipa kiongozi wa serikali ya jimbo la Queensland dola 400,000 kumaliza kesi ya kashfa, na kwamba alitishia kuwatumia wafanyakazi wa televisheni yake dhidi ya kampuni moja ya bima. Je, huyo bado anafaa kuwa nyuma ya leseni ya utangazaji?

Majaji wawili katika kesi hiyo, Toohey na Gaudron, walisema maneno "mtu anayefaa na kustahili" yakisimama peke yake hayana maana kamili. Maana huyapata kutoka kwenye kazi ambayo mtu anataka kuifanya, na lengo ambalo kazi hiyo inatakiwa kulitimiza. Kisha wakaonyesha kwamba, kulingana na kazi, swali linaweza kuwa moja kati ya manne: kama mwenendo mbaya umetokea, kama kuna uwezekano wa kutokea, kama tunaweza kuamini kwamba hautatokea, au kama jamii itakuwa na imani kwamba hautatokea.

Ukiyasoma kwa haraka maswali hayo yanafanana, lakini kila moja linataka ushahidi wake. Swali la kwanza linatazama nyuma, na linajibiwa na kumbukumbu za matukio. La pili linatazama mbele, na hapo tabia ya mtu inaingia kwa sababu inadokeza atakavyotenda kesho. La tatu ni kali zaidi: haitoshi kwamba hakuna dalili ya hatari, lazima pawe na sababu ya kumwamini, jambo linaloeleweka kwa kazi inayomwacha mtu peke yake na watoto. La nne linahusu sifa yake machoni pa watu, na kwa mtangazaji ni zito, maana chombo cha habari kisichoaminika hakitimizi kazi iliyokifanya kipewe leseni. Ofisa anayetumia swali lisiloendana na kazi husika amekosea sheria, hata kama kila ukweli alioutaja ni sahihi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anaomba leseni ya kuandaa hesabu za kodi za watu wengine. Miaka tisa iliyopita alitiwa hatiani kwa kughushi risiti. Sheria inasema tu kwamba mwombaji awe anafaa na kustahili. Ofisa anamwandikia: "Una rekodi ya jinai. Kwa mujibu wa mwongozo wetu, mwenye rekodi hafai. Ombi limekataliwa."

Barua hiyo inaweza kutenguliwa bila shida kubwa. Ofisa ameigeuza sheria iliyomtaka apime kuwa marufuku ya moja kwa moja ambayo Bunge halikuiandika. Mwongozo wa ofisi unaruhusiwa kumsaidia kufikiri, ila hauruhusiwi kufikiri badala yake. Hakuuliza kosa lile lina uhusiano gani na hesabu za kodi. Miaka tisa haionekani popote kwenye barua.

Sasa tuseme ameandika hivi: "Tumezingatia kwamba kosa ni la zamani, na tumesoma barua nzuri za waajiri wako wawili. Hata hivyo ni kosa la kughushi nyaraka, na kazi hii inakuacha na nyaraka za wateja bila mtu wa kukukagua. Tena, fomu ilipokuuliza kuhusu makosa ya nyuma, ulijibu kwamba huna." Uamuzi ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini barua hii huenda ikasimama. Ofisa mwingine angeweza kuzipa uzito zaidi barua za waajiri na kutoa leseni, na naye asingekuwa amevunja sheria. Uzito wa kila jambo ni wa ofisa kuupima. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakitumia akiba yao yote kwenye kesi ambayo hoja yake pekee ilikuwa "hakunionea huruma".

Kwa "maslahi ya umma" njia ni hiyohiyo, ingawa maneno yenyewe ni mapana zaidi. Mipaka yake hutoka kwenye lengo la sheria husika: maslahi ya umma katika sheria ya mazingira si yale ya sheria ya benki, na usumbufu wa waziri kisiasa si maslahi ya umma katika sheria yoyote kati ya hizo. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kusini-mashariki mwa Uingereza walilithibitisha hilo mwaka 1968, katika kesi ya Padfield. Walilalamika kwamba bei waliyopangiwa na bodi ya maziwa haikuzingatia ipasavyo kwamba wao wako karibu na soko la London. Sheria ilimruhusu waziri kupeleka malalamiko kwenye kamati ya uchunguzi, akakataa. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba kamati ikiwaunga mkono wafugaji, yeye angetarajiwa kutekeleza ushauri wake. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilisema hiari ya waziri ilitolewa ili kutimiza lengo la sheria, na kuogopa aibu hakumo katika lengo hilo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuomba ni sababu za uamuzi kwa maandishi. Uzisome ukiwa na sheria mkononi: je, kila sababu inaweza kufungamanishwa na kazi inayosimamiwa na sheria hii? Kuna jambo muhimu ulilolieleza ambalo halikutajwa kabisa? Kama barua inasema "kwa maslahi ya umma" na kuishia hapo, uliza ni maslahi gani.

Ukishinda, kwa kawaida mahakama haikupi leseni. Hutengua uamuzi na kulirudisha suala kwa ofisa aanze upya kwa kipimo sahihi, na anaweza kukukatalia tena kwa sababu halali. Wafugaji wale walishinda, malalamiko yakaenda kwenye kamati, kamati ikawaunga mkono. Waziri akaipokea ripoti, akaitafakari, na akaamua kutoitekeleza.